Mfuko wa dawa unauza kila siku, mbona unaisha?

Mfuko wa dawa unaozunguka ni jambo rahisi kulieleza. Mnaweka mtaji mara moja, mnanunua dawa, mnauza, na fedha ya mauzo inanunua dawa nyingine. Mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Bamako mwaka 1987, wakiwa na UNICEF na WHO, waliupigia debe utaratibu huu ili zahanati zisikae zikisubiri mgao wa serikali peke yake. Tabu iko kwenye hesabu. Mifuko mingi haiibiwi wala haifilisiki kwa kishindo. Inamomonyoka. Mwaka wa kwanza rafu zimejaa, mwaka wa tatu nusu ya rafu ni maboksi matupu yaliyopangwa ili mgonjwa asiogope, na vitabu vya mhasibu vinaonyesha faida tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ili tuone namna unavyomomonyoka, tuchukue mfano wa famasi ya kituo cha afya cha taasisi ya dini, Ngamiani, Tanga mjini. Kituo hiki nimekitunga, na tarakimu zake nimezichagua ziwe nyepesi kufuatilia. Kila mwezi kinahitaji dawa za shilingi 6,000,000 kwa bei ya kununulia. Wagonjwa 60 kati ya 100 wanalipa taslimu dirishani, na 40 wanatibiwa kwa bima. Oda inafanywa mara moja kwa mwezi, na mzigo unafika baada ya kama wiki mbili, kwa sababu kinachokosekana kwenye tawi la Bohari ya Dawa (MSD) hapa Tanga hununuliwa kwa wauzaji wa jumla Dar es Salaam na kupita Chalinze na Segera.

Mtaji wa kuanzia uwe kiasi gani?

Bodi nyingi hujibu swali hili kwa kutazama matumizi ya mwezi: tunatumia milioni 6, basi tutafute milioni 6, au 10 tukiweza. Hapo mfuko umezaliwa mgonjwa.

Tazama siku ambayo oda inalipiwa. Siku hiyo stoo inatakiwa iwe na akiba ya tahadhari ya mwezi mmoja, yaani milioni 6, ambayo haiguswi ila mzigo ukichelewa. Inatakiwa pia iwe na dawa za kutumia wiki mbili mzigo ukiwa njiani, milioni 3. Na siku hiyohiyo mnalipa milioni 6 za mzigo mpya, kwa kuwa muuzaji anataka fedha kwanza. Jumla ni milioni 15. Chini ya hapo, kila oda itafanyika kwa kula akiba ya tahadhari, na siku lori likiharibika njiani mtasema MSD ndiyo iliyowaangusha.

Ila hesabu haijaisha, maana bima hailipi dirishani. Tuseme madai yanachukua miezi mitatu tangu dawa kutolewa mpaka fedha kuingia benki. Dawa za bima kwa mwezi ni asilimia 40 ya milioni 6, yaani milioni 2.4, na kwa miezi mitatu ni milioni 7.2. Hizo zimeshaondoka rafuni lakini bado hazijarudi kuwa fedha. Mtaji halisi basi ni milioni 22.2. Kituo kilichoanza na milioni 15 wakati wagonjwa wote wanalipa taslimu, kisha kikapokea wenye bima bila kuongeza mtaji, kitaona dawa zinaadimika ndani ya miezi michache, na huku mauzo yanapanda. Mhasibu atasema biashara imechangamka, mfamasia atasema hana dawa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Nyongeza ya bei haijumlishwi

Sasa tupange bei. Chukua maboksi 100 ya dawa yoyote, kila boksi limenunuliwa kwa shilingi 1,000. Fedha iliyotoka ni 100,000. Usafiri na upakiaji, 3,000. Uendeshaji wa famasi, yaani bahasha za dawa, kadi za stoo, umeme wa friji na sehemu ya posho ya anayehesabu stoo, 5,000. Kuna pia kupanda kwa bei za dawa zenyewe. Tukikisia asilimia 6 kwa mwaka, mtaji wa milioni 22.2 unahitaji kukua kwa 1,332,000 ili mwakani ununue kilekile unachonunua leo. Ukigawanya kiasi hicho kwa manunuzi ya mwaka, milioni 72, unapata karibu shilingi 2 kwa kila 100, kwa hiyo 2,000 kwa maboksi yetu. Kinachotakiwa kurudi ni 110,000.

Upande wa pili ni maboksi ambayo hayatarudisha kitu. Manne yataisha muda, yatavunjika au yatapotea. Matano yatatolewa bure kwa msamaha, maana mzee asiye na kitu harudishwi nyumbani. Mawili yatakataliwa na bima kwa sababu fomu haikusainiwa au dawa haikulingana na ugonjwa ulioandikwa. Yanayolipiwa ni 89.

Watu wengi hapa hujumlisha: 3 na 5 na 2 na 4 na 5 na 2, inakuwa 21, basi tuweke nyongeza ya asilimia 21. Boksi linauzwa 1,210. Maboksi 89 yanaleta 107,690. Ilitakiwa 110,000. Pengo ni 2,310.

Sababu ni kwamba hasara haiongezi gharama tu, inapunguza pia idadi ya wanaolipa. Kwa hiyo inagawanya:

```
bei = fedha inayotakiwa kurudi ÷ maboksi yanayolipiwa
bei = 110,000 ÷ 89 = 1,236
```

Nyongeza sahihi ni karibu asilimia 24. Tofauti ya shilingi 26 kwa boksi ni ndogo mno kugombaniwa kwenye kikao, na ndiyo maana haigombaniwi. Kwa manunuzi ya milioni 6 kwa mwezi, pengo la 2,310 linajirudia mara 60, yaani 138,600. Kwa mwaka ni 1,663,200. Hiyo ni kama asilimia 7 na nusu ya mtaji wote, imeondoka bila mtu kuchukua hata kidonge.

Mitego miwili iko jirani na hesabu hii. Wa kwanza ni kuchanganya nyongeza juu ya bei ya kununulia na sehemu ya mauzo. Ukinunua kwa 1,000 na kuuza kwa 1,250, umeongeza asilimia 25, lakini katika kila mauzo sehemu yako ni asilimia 20 tu. Bodi ikiambiwa "tuna asilimia 25" halafu ikachukua robo ya mauzo kulipia matengenezo ya gari la wagonjwa, imeshakata kwenye mtaji. Wa pili ni kuhesabu kupanda kwa bei mara mbili. Mzigo mpya ukija na bei ya juu, wapo wanaobandika bei mpya papo hapo kwenye dawa za zamani zilizobaki rafuni. Kwa mfuko hilo ni halali, kwa sababu boksi la leo ndilo linalonunua la kesho. Ila ukiwa umeshaweka zile 2,000 ndani ya bei, usifanye na hili. Chagua moja. Mimi ningechagua kuziweka ndani ya bei na kubadilisha orodha ya bei mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mama wa Makorora anayenunua dawa ya presha kila mwezi anaikumbuka bei yake kuliko mhasibu wako.

Ipo pia dawa ambayo bei yake huipangi wewe. Bima ya afya ya taifa, NHIF, hulipa kwa bei ya kitita chake, yaani orodha yake ya huduma na bei. Kama kitita kinalipa 1,150 kwa boksi ambalo wewe hesabu yako ni 1,236, kila boksi linaacha pengo la 86. Wengi hulificha pengo hilo kwa kupandisha bei ya taslimu, na hapo anayelipa ni yule asiye na bima. Pengo hilo liandikwe kwenye mstari wake, bodi ilione, iamue kulilipa kutoka fungu jingine au kutafuta muuzaji wa bei nafuu zaidi.

Si lazima nyongeza iwe moja kwa dawa zote, na kwa kweli haifai iwe moja. Dawa ya shilingi 50 kwa kidonge ikiongezwa asilimia 40 inakuwa 70, mgonjwa halalamiki. Antibayotiki ya 12,000 ikiongezwa hivyo inakuwa 16,800, na mgonjwa atanunua nusu ya dozi. Za bei ya chini zibebe asilimia kubwa, za bei ya juu ndogo, mradi wastani uliopimwa kwa mauzo halisi ubaki kwenye ile 24. Kisha kuna dawa za dharura: adrenalini, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, na wenzao. Hizi zinawekwa zikiombewa zisitumike, na nyingi huishia muda zikiwa kwenye trei. Ukizitia kwenye hesabu ya hasara ya mfuko, mgonjwa wa kikohozi ndiye atakayezilipia. Ningezitoa kabisa kwenye mfuko na kuzipa bajeti yake ndogo ya mwaka, zihesabiwe kama kituo kinavyohesabu taa na maji.

Oda inayojirudia kwa makosa yaleyale

Kiasi cha kuagiza kinatokana na wastani wa matumizi ya mwezi. Unauzidisha wastani huo kwa miezi ambayo stoo na oda kwa pamoja vinatakiwa kufunika, ambayo kwa kituo chetu ni miwili na nusu, kisha unatoa kilichopo na kilicho njiani. Miwili na nusu inatoka palepale tulipoipata milioni 15: mwezi wa akiba, mwezi kati ya oda na oda, na nusu mwezi wa kusubiri.

Wastani wenyewe ndio unaodanganya. Tuseme metformini zimetoka karatasi 1,200 katika miezi mitatu. Ukigawa kwa tatu unapata 400. Lakini kadi ya stoo inaonyesha dawa haikuwepo kwa siku 30 kati ya 90. Hizo 1,200 zimetoka ndani ya miezi miwili, kwa hiyo matumizi halisi ni 600. Kwa 400, lengo lako ni karatasi 1,000. Kwa 600, ni 1,500. Anayeagiza kwa 400 atakaukiwa tena, na kukaukiwa huko kutashusha wastani wa robo ijayo, na oda itapungua zaidi. Kila robo inaonekana kana kwamba wagonjwa wa kisukari wanapungua Tanga. Dawa nyingine, ambayo haikukauka hata siku moja kwa sababu haina mwendo, inaendelea kupewa mgao wake kamili, na ndiyo utakayoikuta ikiwa imechina.

Ofa ya tarehe fupi

Ile asilimia 4 ya hasara imetoka wapi? Isitoke kichwani. Inatoka kwenye daftari la dawa zilizoondolewa rafuni mwaka uliopita, zikihesabiwa kwa bei ya kununulia na kugawanywa kwa manunuzi ya mwaka huo. Kama daftari halipo, linaanzishwa leo, na asilimia 4 inabaki makisio mpaka mwaka uishe.

Ila hasara kubwa huwa inajulikana mapema. Muuzaji wa jumla anapiga simu: "Dada mfamasia, nina amoksilini ya maji ya watoto, chupa 400. Bei 1,800, kwako nafanya 1,400 ukichukua zote." Swali la kumwuliza ni moja: "Inaisha lini, kaka?" Miezi mitano. Kituo kinatumia chupa 50 kwa mwezi, kwa hiyo kitatumia 250. Umelipa 560,000 kwa chupa 250, yaani 2,240 kila chupa, na 150 zilizobaki zinangoja kuharibiwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya dawa, TMDA, kazi ambayo nayo ina gharama yake. Ofa ya punguzo la 400 imekuwa nyongeza ya 440. Ungenunua 250 tu kwa 1,800 ungelipa 450,000 na kubaki na 110,000 benki.

Hesabu hiyohiyo inafaa kwa kila kilichomo stoo. Mara moja kwa mwezi, gawa kilichopo kwa matumizi ya mwezi, linganisha na miezi iliyobaki kwenye lebo. Namba ya kwanza ikizidi ya pili, ziada ndiyo itakayoisha muda, na unaijua idadi yake leo. Chupa zenye miezi mitano zinapokelewa na kituo cha jirani cha Muheza au Pangani kwa shukrani. Zenye wiki tatu hakuna anayezitaka, na kumpa mtu ni kumhamishia hasara. Kupanga rafu ili inayoisha mapema itoke mapema ni lazima, lakini hakuokoi dawa iliyonunuliwa kupita matumizi. Kunachagua tu ni chupa ipi itakayobaki mwisho.

Tarehe ya kwenye lebo nayo ni ya dawa iliyotunzwa vizuri. Pwani yetu ina joto na unyevu, na masika ya Machi hadi Mei kopo la vidonge 1,000 lililofunguliwa na kuachwa bila kifuniko kukazwa halivumilii. Fungua kopo la aspirini lililokaa hivyo ulinuse: likitoa harufu ya siki, dawa imeanza kuvunjika, hata kama lebo inasema bado ina mwaka mzima. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikisafiri kwenye buti la basi kutoka Dar bila barafu inaweza kufika ikiwa imepungua nguvu na tarehe yake ikiwa nzima. Hasara ya namna hii haionekani kwenye daftari la kuisha muda. Mkiona dawa inapotea zaidi ya asilimia iliyotengwa, kagua friji na paa kabla ya kumkagua muuzaji wa dirishani.

Kupima kama mtaji upo

Mwisho wa mwaka kituo chetu kinahesabu. Stoo, kwa bei za sasa za kununulia, ina dawa za milioni 10.1. Benki na kasha, milioni 3.2. Oda iliyolipiwa bado njiani, milioni 2. Madai ya bima ambayo kweli yanategemewa kulipwa, nayo yakihesabiwa kwa bei ya kununulia, milioni 5.9. Jumla 21.2. Wanadaiwa na muuzaji mmoja laki 6, kwa hiyo inabaki milioni 20.6. Dawa zilizochina na madai yaliyokwisha kukataliwa hayahesabiwi, hata kama bado yamo kwenye vitabu. Hapo ndipo mifuko mingi hujidanganya, kwa sababu boksi lililoisha muda linajaza rafu sawasawa na boksi zima.

Ukiilinganisha milioni 20.6 na 22.2 za mwanzo, pengo linaonekana ni milioni 1.6, kiasi kinachozungumzika. Lakini bei zimepanda asilimia 6, na mtaji ulitakiwa kufikia 23,532,000. Pengo halisi ni 2,932,000. Mahali ambapo mfuko ulinunua maboksi 8, sasa unanunua 7. Katika hizo, kama 1,663,000 zinaelezwa na ile bei ya 1,210 iliyotakiwa kuwa 1,236. Zinazobaki, kama 1,269,000, zitafutwe kwenye vocha: mara nyingi ni fedha ya famasi iliyoazimwa kulipa mishahara mwezi ambao bima ilichelewa, ikaandikwa kuwa itarudishwa. Mfuko wa dawa ukiwa na akaunti yake na sahihi ya mfamasia ikiwa mojawapo, mkopo huo walau unaacha alama.

Bei ya kuanzia sasa inarekebishwa kuwa 1,236, hilo halina mjadala. Mjadala ni hizi 2,932,000 zilizokwisha kupotea. Kuna watakaotaka zirudishwe kwa kupandisha bei zaidi. Bei ya kitita haipandi, kwa hiyo mzigo utabebwa na wanaolipa taslimu, ambao dawa zao kwa mwaka zinagharimu milioni 43.2. Ni kama shilingi 68 juu ya kila 1,000, na boksi linafika 1,304. Baadhi yao watavuka barabara kwenda duka la dawa lililo mbele ya geti. Wakiondoka, matumizi ya mwezi yanashuka wakati stoo imeshanunuliwa kwa matumizi ya zamani, na asilimia 4 ya hasara inakuwa 6. Kwa hiyo ningeipelekea bodi ombi la kurudisha mtaji mara moja kutoka fungu la kituo, likiambatana na vocha za mikopo. Kama haina fedha hiyo, ningepunguza idadi ya aina za dawa zinazotunzwa mpaka milioni 20.6 zitoshe kuzihudumia zilizobaki bila kukauka.